Tupeane uzoefu: umemfokea mwenzio kikaoni, ukamwandikia barua ya kutaka radhi

Mhasibu wa Shamba: Asalaam alaykum. Naanza mie. Nafanya hesabu hoteli moja huku Nungwi, Jumatatu kikaoni nikamfokea kaka wa stoo mbele ya watu wanane kwamba invoisi ya pweza kilo 40 kaipoteza yeye, nikamwambia "kazi huiwezi". Jioni nafungua faili langu, invoisi hiyo hapo, kaniletea mwenyewe tangu Alkhamisi. Sikulala. Barua ya mwanzo ilijaa ukurasa, nimechoka, mwisho wa mwezi, mtoto anaumwa, na "kama nimekukwaza". Bi mkubwa mmoja wa ofisini akaisoma akaniuliza, sasa unataka radhi au unataka uonewe huruma? Nikaichana. Ya pili ikawa hivi:

"Kaka, jana kikaoni nilikufokea mbele ya wenzetu nikasema kazi huiwezi. Nimekukosea. Invoisi uliniletea Alkhamisi, ilikuwa kwenye faili langu. Na hata ungeipoteza kweli, sikuwa na haki ya kukupigia kelele. Ukiridhia, Jumatatu nitayasema haya mbele ya wale wale. Kuanzia leo kila karatasi unayoniletea nitaisaini kwenye daftari lako. Nakutaka radhi. Si lazima unijibu."

Nikampa mkononi, bahasha imefungwa.

Forodhani2: Barua ya nini, ungeandika pale pale kwenye grupu la kazi wote wakaona, mambo haya yasilale.

Bi Utumishi: Kuwahi ni sawa, ila grupu hapana, unamlazimisha ajibu "yamekwisha" huku watu wanamtazama. Mwulize kwanza kama anataka lisemwe hadharani. Na barua ni maandishi, inaweza kuingia kwenye faili lako, kwa hiyo andika ulichofanya tu, usijitwike na usiyoyafanya. Nakala kwa meneja usipeleke kimya kimya, mwenzio atahisi unajisafisha. Kama keshalalamika rasmi hapo zungumza kwanza na wanaoshughulikia.

Mtu wa Wete: Mie bosi ndo kanifokea, sasa barua niandike mie?

Bi Utumishi: Hapana ndugu yangu, wewe ndiye uliyekosewa. Andika pembeni tarehe, maneno aliyosema na nani walikuwepo.

Mwalimu wa Chake: Mie niliandikiwa na mwalimu mwenzangu wa skuli. Mstari wa kwanza "nisamehe", wa pili "lakini na wewe ulichelewesha maksi". Sikuumaliza. Kweli nilichelewesha, ila yale angeniambia siku nyengine. Mpaka leo twapeana salamu tu.

Forodhani2: Mie bado naona meneja apewe nakala, aibu kaka wa stoo alitiwa mbele yake.

Mwalimu wa Chake: Haya mhasibu, kaka wa stoo alikwambiaje?

Mhasibu wa Shamba: Siku mbili kimya. Alkhamisi akaniambia, sema kikaoni ila fupi. Nikasema sentensi mbili nikakaa, naye akatazama chini tu. Daftari nasaini kila siku, chai twanywa pamoja, ila ule mzaha wetu wa zamani haujarudi na wala simhimizi.