Tupeane uzoefu: brashi za umeme za kuoshea uso, dodoki na vitaulo vigumu kwa sisi wenye chunusi

Nuru_K
Habari zenu wadau. Nimezawadiwa brashi ya umeme ya kuoshea uso, ile yenye kichwa cha mviringo na nyuzi fupi, ukiiwasha inatetemeka kama mswaki wa umeme. Ngozi yangu ni ya mafuta, chunusi zinanitoka mashavuni na kidevuni, na usiku napaka jeli ya adapalini niliyoandikiwa na daktari. Kikaratasi cha ndani ya boksi kinasema inafaa ngozi zote, asubuhi na jioni. Sijaiwasha bado. Waliowahi kutumia, na wale wa dodoki au kitaulo kigumu pia, naomba mnisimulie: mwanzoni ngozi ilikuwaje, baadaye ikawaje, na kama mliacha, kilichowaachisha ni nini? Wauza bidhaa piteni tu, leo sinunui.

Zuhra
Shoga, mwanzoni utaipenda. Uso unateleza, poda inakaa, kila mtu anakuuliza unatumia nini. Yangu ilikuwa inajizima yenyewe baada ya dakika moja: sekunde 20 za paji la uso, 20 za pua na kidevu, 10 kwa kila shavu. Ikizima, naiwasha tena. Na sabuni yangu ilikuwa yenye asidi ya salisili, na usiku adapalini kama wewe.

Kilichobadilika kwanza hata hakikuwa chunusi. Ilikuwa krimu. Krimu ileile niliyoizoea ikaanza kuwasha pembeni mwa pua na chini ya midomo, kama nimepaka ndimu. Ngozi ikawa inang'aa lakini ukiigusa haina mafuta, na nikimaliza kunawa naona kama uso umevutwa. Halafu vikaja vipele vidogovidogo vya saizi moja, vingi kwenye mfupa wa shavu la kulia, mahali ambapo sikuwahi kuota chunusi maishani. Kuona vile, ndiyo kwanza nikaongeza kusugua, maana nilijua ni uchafu unatoka.

Daktari wa ngozi alinitazama kwenye mwanga wa dirisha, akauliza: "Brashi unashika kwa mkono gani?" Nikamwambia wa kulia. "Na unaanzia wapi?" Hapo hapo kwenye mfupa. Nilitamani kucheka. Vipele vilikuwa vimefuata njia ya mkono wangu: vingi pale ninapoanzia na kukandamiza, vichache ninapomalizia, na shavu la kushoto karibu hakuna kitu.

Akasimamisha vyote, brashi, sabuni ya asidi na adapalini. Nikabaki na sabuni ya maji isiyo na manukato, krimu yenye seramidi, mafuta ya mgando kidogo sana kwenye zile pembe zinazowasha, na krimu ya kukinga jua asubuhi. Kuwasha kulikoma mapema, ndani ya siku chache. Vipele vilichukua wiki kadhaa. Madoa meusi yaliyobaki ndiyo yaliyonitesa, hayo yalihesabu miezi. Adapalini ilirudi mwishoni kabisa, usiku mmoja napaka, usiku mmoja napumzika. Brashi haikurudi.

KakaMtulivu
Dada Zuhra pole, ila nadhani uliacha mapema. Ngozi ikianza kusafishwa kwa ndani lazima itoe vitu kwanza, watu wote wanajua hilo. Unavumilia wiki sita inatulia. Chunusi ni mafuta yaliyoziba vitundu, sasa bila kusugua yatatokaje? Nuru anza nayo, ila polepole.

Nesi_Mstaafu
KakaMtulivu, nusu ya maneno yako ni kweli, na hiyo nusu ndiyo inayowaponza watu. Nimefanya kazi kliniki ya ngozi kwa muda mrefu, niruhusuni nirefushe kidogo.

Ni kweli kuna dawa zinazoleta chunusi kwanza kabla ya kutuliza. Adapalini ni mojawapo, kwa sababu inaharakisha ngozi kujibadilisha, hivyo chunusi zilizokuwa zinajitengeneza chini kimyakimya zinajitokeza kabla ya wakati wake. Zile huja mahali pako pa siku zote, halafu hupungua. Brashi haina kazi hiyo. Ukiona vipele vipya sehemu ambayo hukuwahi kuwa navyo, na krimu ya kawaida inakuwasha, huko siko kusafishwa.

Ni kweli pia kwamba kitundu kimeziba. Lakini kile kizibo kimekaa ndani ya kitundu, na nyuzi za brashi zinapita juu tu. Hata ule weusi mnaouona puani si tope, ni kizibo chenyewe kilichogeuka rangi kwa kukutana na hewa. Kwa mwenye chunusi, kuta za kile kitundu tayari ni dhaifu. Ukikandamiza na kutetemesha, ukuta unaweza kupasukia ndani, yaliyomo yakamwagika kwenye nyama, mwili ukayashambulia. Jana palikuwa na kipele kidogo kisichouma, leo pana donge linalouma.

Juu ya hapo kuna tabaka la nje la ngozi, jembamba kuliko karatasi, seli zilizokufa zikiwa zimeshikanishwa na mafuta yake maalumu. Hilo ndilo linalozuia maji yasitoke na vichokozi visiingie. Adapalini huwa inalikausha na kulidhoofisha, hasa wiki za mwanzo, na asidi ya salisili inalipunguza. Ukiweka na brashi asubuhi na jioni, umelikwangua mara tatu kwa njia tatu tofauti, na yenyewe haipati nafasi ya kujijenga.

Jambo moja kwa sisi wenye ngozi nyeusi. Vitabu vingi vinasema tazama wekundu. Kwetu wekundu mara nyingi hauonekani. Tazameni mng'ao usio na mafuta, joto ukiweka kiganja, unga mweupe pembeni mwa pua, na rangi inayozidi kuiva sehemu moja. Ukitaka kujipima, nawa kwa maji ya uvuguvugu na ncha za vidole, jifute kwa kugusagusa, kisha kaa nusu saa bila kupaka chochote. Uso ukikaza, na krimu isiyo na manukato ikichoma ukiipaka, ngozi imeshachubuka hata kama kwenye kioo huoni kitu.

Mzee_wa_Pasi
Mimi nina vipele vya ndevu, shingoni na chini ya taya. Kinyozi aliniambia nisugue kwa kitaulo kigumu kabla ya kunyoa. Kwa hiyo mnasema niache?

Nesi_Mstaafu
Mzee wangu, shikamoo. Yako ni habari nyingine. Hivyo vinaletwa na unywele uliojikunja ukarudi kuingia ndani ya ngozi. Hapo mswaki laini sana ukizungushwa taratibu, bila kukandamiza, unaweza kuinua nywele kabla hazijazama, na madaktari wengine wanaushauri. Laini, lakini, si kitaulo kigumu. Na pakiwa na usaha au kidonda, usipite kabisa.

Lulu_Mkweli
Na mimi niseme japo nitapingwa. Natumia brashi miaka sasa, kichwa laini kabisa, mara mbili kwa wiki, na sina shida yoyote. Chunusi sina, dawa usoni sipaki. Tusiitie brashi ubaya wote.

Chausiku
Lulu, wewe ngozi yako haikasiriki, sisi tunaongelea zinazokasirika.

Yangu ni ya kitaulo. Nilikuwa na vipele bapa vidogo, vya rangi ya ngozi, kwenye paji la uso. Nikavihesabu chunusi, nikavisugua kila nikioga. Vikaongezeka, tena vikajipanga mstari mmoja ulionyooka, kama mtu amechora kwa rula. Hospitali wakaniambia si chunusi, ni chunjua bapa, za virusi. Kila nikisugua navihamisha kuelekea mkono unakokwenda. Kitaulo chenyewe kilikuwa kinashinda bafuni kibichi kutwa, sijui mlitegemea nini.

KakaMtulivu
Haya, hilo la mstari sikuwahi kulisikia. Lakini brashi za silikoni je? Zile hazishiki maji, hazina nyuzi.

Nesi_Mstaafu
Kwa usafi ni afadhali, inakauka haraka na vijidudu havipati pa kujificha kama kwenye nyuzi au kitambaa. Msuguano lakini uko palepale. Wapo walioniambia wameivumilia wakiwa na chunusi, na wapo waliorudi kliniki na uso kama wa Zuhra. Siwezi kukupa jibu moja la watu wote. Mtu akiwa kwenye adapalini, tretinoini au benzoili peroksaidi, mimi namwambia avitumie vidole.

Na Lulu namuunga mkono. Ngozi isiyo na chunusi, kichwa laini, siku chache kwa wiki, wengi hawapati madhara. Aangalie tu nyuzi zisilale: zikipinda kwenye shavu, amekandamiza. Kichwa akibadilishe kila baada ya miezi mitatu hivi.

Nuru_K
Asanteni sana, hasa dada Zuhra, lile la mkono wa kulia limeniingia. Brashi nitamrudishia aliyenipa, tena yeye ngozi yake haina neno. Swali moja tu: mimi napaka krimu ya kukinga jua nzito na wakati mwingine vipodozi. Bila kitaulo naona haitoki, vidole vinateleza juu yake tu.

Zuhra
Usianze na maji, hapo ndipo inapokataa. Mimi natumia ile sabuni ya mafuta, inayogeuka nyeupe ikikutana na maji. Mikono mikavu, uso mkavu, unapaka na kuzungusha kwa ncha za vidole kama dakika moja mpaka uone vipodozi vimeyeyuka. Ndipo unalowesha vidole, unazungusha tena, inakuwa kama maziwa, unasuuza. Ukimaliza, sabuni yako laini mara moja tu.

Nesi_Mstaafu
Sawa kabisa. Ila Nuru, usiku huo subiri uso ukauke vizuri ndipo upake adapalini. Ukipaka kwenye ngozi mbichi huwa inachoma zaidi. Ikichoma hata hivyo, tanguliza krimu yako kwanza, adapalini ije juu yake.

Mzee_wa_Pasi
Nesi, marahaba. Huo mswaki, ni kabla ya povu la kunyolea au baada?

Nesi_Mstaafu
Kabla, mzee. Ngozi ikiwa imeshalainika kwa maji ya uvuguvugu.