Yule bwana wa miwani kampa mtu wa chipu 1,500 fungu langu la 5,000!

MtuWaMezaTatu: Mnamjua. Miwani ya jua saa nne usiku, anagawa karata utadhani kazaliwa nazo mkononi. Nimetoka meza ya poka sasa hivi, natetemeka kwa hasira.

Jamaa kabaki na chipu 1,500, kaweka zote. Mimi nikaweka 4,000 zangu zote. Dada wa kushoto kwangu akasukuma 6,000 zake. Wa nne alishatia 300, akatupa karata. Tukafunua: jamaa tisa tatu, mimi ree mbili, dada kumi mbili. Basi yule bwana akapeleka mkono, mpaka kiwiko, akasomba KILA KITU akamsukumia jamaa! Mtu wa 1,500! Shehena ile ilihitaji lori. Namwambia mgawaji kwamba dada nimemfunga, naye ananijibu, "Mwenye karata kubwa anabeba." Mpaka kiwiko, jamani!

Chapakazi: Si tisa tatu ndizo zilikuwa kubwa? Acha kulia.

MzeeWaKarata: Zilikuwa kubwa, ila huwezi kula kwa mtu zaidi ya ulichoweka wewe. Unaanza na mwenye chache. Toa 1,500 kwa kila mmoja wa hao watatu, ni 4,500. Ongeza 300 za aliyetupa, 4,800. Hilo fungu kuu, halali ya jamaa. Sasa tazama kilichobaki: wewe 2,500, dada 4,500. Mnalingana kwenye 2,500 tu, kwa hiyo fungu la pembeni ni 5,000, na jamaa hana chake humo. Zile 2,000 za dada hazina mpinzani, anarudishiwa hata kabla ya karata kufunuliwa. Mgawaji anayejua kazi humaliza la pembeni kwanza, halafu kuu.

MtuWaMezaTatu: UMEONA?! Hata 2,000 za dada alizisomba! Kwa kiwiko!

Bint_Pau: Sawa, lakini zile 300 zilitakiwa zigawanywe nusu kwa nusu, mafungu ni mawili.

MzeeWaKarata: Hapana. Ziko ndani ya 1,500 za mwanzo, zinaingia kuu zote. Angetia 2,000 ndipo atupe, 500 za juu zingeenda pembeni.

Chapakazi: Hata hivyo, mkono mpya ukishaanza malalamiko yamekwisha. Ulisema saa ngapi?

MtuWaMezaTatu: Alikuwa bado anachanganya karata!

Chapakazi: Kuchanganya ndiyo kuanza.

Bint_Pau: Wapi? Kwetu mpaka karata ya kwanza igawiwe.

KopaSaba: Mgawaji wetu wa arubastini alificha ree chini ya paja wiki nzima, mbona hatukufungua uzi?

Bint_Pau: Afadhali wa ree. Wa kwetu anakula chipsi mayai huku anagawa, karata zimeshikana kwa mafuta, unapewa tatu unadhani mbili.

KopaSaba: Huyo namjua! Na tomato anafutia kwenye kitambaa cha meza!