Kinywaji cha mazoezi cha sukari na chumvi, kikombe kimoja kinakuwa na asilimia ngapi?

kobe_wa_tangibovu
Wakuu habari za jumapili. Naombeni msaada wa hesabu maana leo tumbo limeniaibisha barabarani.

Najiandaa na kilomita 21 za Kili Marathon kule Moshi, ndo itakuwa ya kwanza kwangu, kila jumapili nakimbia ndefu natoka Tangibovu nafika Tegeta nageuka, mdogo wangu ananifuata na baiskeli amebeba chupa. Vile vinywaji vya wanamichezo vya supamaketi kila wiki siviwezi, nikaona nitengeneze mwenyewe. Jana usiku nimechukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, nikamimina kikombe kimoja cha sukari, chumvi kijiko kimoja cha chai, ndimu mbili nikakamua humo humo, nikatikisa nikatia friji. Kwenda hakuna shida. Tulivyogeuza tu tumbo likaanza kucheza kama ndoo ya maji kwenye mkokoteni, kichefuchefu, kilomita ya 12 nikakaa chini kituoni watu wananiangalia. Afu mafunda ya mwisho yalikuwa matamu kuliko ya mwanzo, sijui kwa nini.

Sasa nimesoma kwamba inatakiwa wanga 6%. Hapo ndo nachanganyikiwa. Kama lita nzima ni 6%, kikombe ambacho ni robo lita kinakuwa 1.5%? Niongeze sukari mara nne ili kila kikombe kifike 6? Na chumvi inahesabiwa humo?

Coach_Kidevu
Mdogo wangu unajitesa bure, hii kitu ipo miaka yote. Lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vya chai sita vya sukari, nusu kijiko chumvi. Vijiko sita ndo hiyo asilimia sita unayoitafuta, vimepangwa hivyo makusudi. Nimefundisha vijana wa mchangani miaka mingi kwa kipimo hicho hicho na hakuna aliyekaa kituoni.

mama_pacha_wawili
Samahani naingilia, mimi mwanangu wa mwaka na nusu anaharisha tangu jana, hiyo ya kikombe cha sukari naweza kumpa? Naona inafanana na ile ya zahanati.

kahawa_chungu
Nianze na mama pacha kwa sababu yake haisubiri. Dada usimpe hiyo, sukari nyingi kwa mtoto anayeharisha inavuta maji kwenda kwenye utumbo na kuhara kunazidi. Nenda duka la dawa lililo karibu uchukue paketi za ORS na vidonge vya zinki, paketi changanya na maji kiasi kile kile kilichoandikwa juu yake, usipunguze maji usiongeze. Unyonyeshe kama bado ananyonya. Ukiona macho yameingia ndani, hakojoi, amelegea au kuna damu, usisubiri kesho, mpeleke.

Coach, mchanganyiko wako naujua na ni mzuri, ila ni huo huo wa kuharisha. Vijiko sita havina uhusiano wowote na asilimia sita, imetokea tu namba zimefanana. Kijiko cha chai cha sukari kikifutwa juu kwa kisu ni kama gramu 4. Sita ni gramu 24 kwenye lita, hiyo ni 2.4%. Vijana wako hawakuumwa tumbo kwa sababu ilikuwa nyepesi, ila nguvu walizopata humo ni kidogo.

Sasa kobe. Asilimia haigawanyiki na kikombe. Pika sufuria ya chai, chota kikombe: utamu wa kikombe ni ule ule wa sufuria, ila sukari iliyoingia kwenye kikombe ni kidogo kuliko iliyobaki kwenye sufuria. 6% maana yake kila mililita 100 zina gramu 6. Lita ina gramu 60, kikombe cha mililita 250 kina gramu 15, vyote viwili ni 6%. Kinachobadilika kwa kikombe ni gramu, na gramu ndo utahitaji baadaye kujua unywe vikombe vingapi kwa saa. Ukizidisha sukari mara nne utapata 24%, hiyo sasa ni sharubati.

Hesabu yenyewe: gramu za sukari gawanya kwa mililita za kinywaji kizima zidisha mara 100. Kinywaji kizima, sio maji uliyoanza nayo, kwa sababu sukari nayo inachukua nafasi. Weka sukari kwanza afu jazia maji mpaka alama. Chumvi usiihesabu, haina wanga, na ndimu mbili ni kidogo sana ziache.

Kwako, kama kikombe kilibeba gramu 200 hivi, gawanya kwa 1500, umepata kama 13%. Ikishapita 8 hivi tumbo linachelewa kuyaachia maji kwenda chini, yanabaki juu yanacheza. Ndo ile ndoo yako.

kobe_wa_tangibovu
Duh. Nimekuelewa hapo pa sufuria, nilikuwa naigawanya asilimia kama mkate. Ila kaka vijiko vya kwetu hata havifanani, kuna cha wageni na kile kimepinda, na mizani sina. Nitajuaje gramu?

kahawa_chungu
Mizani anayo mangi. Nenda kanunue sukari robo, hiyo ni gramu 250 (kama mangi wako mwaminifu, hilo mtajuana wenyewe). Imwage kwenye sinia safi, sambaza iwe bapa, gawanya kwa kisu mafungu manne sawa. Kila fungu ni gramu 62 na kitu, ukilijazia maji mpaka lita moja unapata 6% na ushee mdogo tu. Kijiko hujakigusa.

Ukitaka kukijua kijiko chako, hesabu vijiko unavyochota mpaka robo iishe, gawanya 250 kwa hiyo namba.

Na kikombe kipime kwa chupa ya nusu lita, usikadirie kwa macho. Mimi nilikuwa maabara ya kiwanda cha juisi, kitu cha kwanza tulichofundishwa ni kwamba neno kikombe sio kipimo.

kobe_wa_tangibovu
Nimerudi, nimefanya, na nimecheka peke yangu jikoni.

Robo ya mangi nimeimimina kwenye kikombe kile kile cha jana, imeingia yote na kikombe ndo kimejaa. Kumbe niliweka gramu 250 sio 200! Nikapima kwa maji, chupa ya nusu lita imejaza kikombe kimoja na theluthi mbili, kwa hiyo kikombe chetu ni mililita 300. Nimepiga 250 kwa 1500 ni karibu 17%. Soda yenyewe ya kola ukisoma kibandiko ni kama 10 au 11, nilikuwa nakimbia na kitu kitamu kuliko soda na sikujua, nadhani ndimu na chumvi vilinificha.

Na kijiko, nilivyozoea kuchota bila kufuta juu, robo imeisha kwa vijiko 41. Gramu 6 kila kimoja. Ningefuata cha coach kwa kuchota kwangu ningepata kama 3.7% wala sio 2.4.

Coach_Kidevu
Sawa, hilo la namba kufanana nimelikubali, sikuwahi kuzipiga. Lakini kwa joto la Dar mimi bado nasema nyepesi ni bora. Kijana anayetoka jasho vile anataka maji kwanza, nguvu ale ndizi.

kahawa_chungu
Coach hapo sina ugomvi na wewe. Kukimbia chini ya saa nzima maji matupu yanatosha, na kwenye joto kali mimi mwenyewe nikienda Bagamoyo na baiskeli nashusha mpaka 4. Baridi la asubuhi Moshi ni kitu kingine, pale 6 inakaa vizuri.

Kobe, kwako mafunda ya mwisho yalikuwa matamu kwa sababu sukari haikuyeyuka yote, ilikaa chini. Maji ya friji yanayeyusha taratibu. Kwa hiyo hata hiyo 17 ni wastani tu, juu ulikunywa nyepesi na chini ukamalizia nzito kuliko hapo, na tumbo lilianza vurugu chupa ilipokuwa inaelekea mwisho, inaendana. Yeyusha sukari na chumvi kwenye maji moto kidogo, kikombe kimoja, mpaka uone kweupe kitako, ndo umimine kwenye chupa ujazie.

Chumvi yako nayo ilizidi. Kijiko cha chai ni kama gramu 6, kwenye lita na nusu ni gramu 4 kila lita, hata ORS haifiki huko. Weka robo kijiko kwa lita. Ukionja iwe utamu wenye ladha ya chumvi kwa mbali, ikionja kama machozi imezidi.

kobe_wa_tangibovu
Na vikombe vingapi kwa saa?

kahawa_chungu
Kikombe chako cha 300 kwa 6% ni gramu 18. Kinachosemwa sana ni gramu 30 mpaka 60 kwa saa kwa mbio ndefu. Vikombe viwili ni 36, unaanzia hapo. Kufika 60 ungehitaji zaidi ya vitatu, ni lita nzima, na matumbo mengi ya watu wanaokimbia hayakubali lita kwa saa. Usilazimishe, jifunze mazoezini, usije ukajaribia kwenye kile kipandisho cha Mweka.

baiskeli_mbovu
Mimi natumia 8% kila siku na tumbo liko poa, msimtishe jamaa.

kahawa_chungu
Kwenye baiskeli tumbo halirukiruki kaka. Kwa miguu sijui kama ungesema hivyo.

mama_pacha_wawili
Asanteni, nimechukua paketi, anakunywa kwa kijiko kidogo kidogo na jioni hii amekojoa. Zinki ameitema mara ya kwanza, nikamsagia tena.

kobe_wa_tangibovu
Pole mama, angalau amekojoa.

Wakuu jumapili nyingine hii. Fungu moja la sinia, nimeyeyusha kwa maji moto, robo kijiko chumvi, ndimu moja, nimejazia mpaka lita. Vikombe viwili saa ya kwanza, kimoja na theluthi baadaye. Tumbo kimya mpaka Tangibovu. Ila dakika ishirini za mwisho miguu ilikuwa mizito, sasa sijui ni wanga kidogo au nilitoka kwa kasi, mdogo wangu anasema nilitoka kwa kasi.

Coach_Kidevu
Ulitoka kwa kasi.

baiskeli_mbovu
Na juisi ya muwa nikiichanganya na maji nusu kwa nusu inakuwa ngapi?

kahawa_chungu
Muwa na muwa haufanani utamu, bila kifaa cha kupimia nikikupa namba nitakudanganya. Kiwandani tulikuwa tunapima kila pipa.