Kamera moja, watu wawili, na wote wanatazama kulia

MwanaBagamoyo: Wakuu, naombeni msaada. Nimerekodi mazungumzo na mzee fundi wa majahazi, dakika 35, nataka yabaki 5. Kamera ilikuwa moja, ikimtazama mzee. Alipoondoka nikaihamisha, nikamrekodi mwenzangu akirudia maswali na kutikisa kichwa. Sasa nikiziunganisha wote wanatazama kulia, kama wanaongea na mtu wa tatu. Na kila nikikata maneno ya mzee, kichwa chake kinaruka.

Kijana_wa_Harusi: Rahisi, mkuu. Kila palipokatwa weka mikono, mawimbi, majahazi. Harusini nafanya hivyo na hakuna anayegundua.

MamaMhariri: Kufunika ni sawa, ila harusini una muziki. Hapa watu wanafuata maneno, na wimbi lisilohusika litawafanya wajiulize limekujaje. Mdogo wangu, kata sauti kwanza bila kutazama picha. Ukisikia pumzi imekatika katikati, au sauti bado iko juu na inayofuata inaanza chini, tafuta pengine pa kukata. Hapo hakuna picha itakayokuokoa.

Wote wanatazama upande mmoja kwa sababu kamera ilivuka mstari wa kufikirika ulio kati ya mzee na mwenzako. Kama unatumia Premiere, weka `Horizontal Flip` kwenye klipu za mwenzako, atatazama kushoto. Kagua nguo yake kwanza, maana maandishi yatageuka kinyume.

MwanaBagamoyo: Asante dada. Fulana yake ina maandishi kifuani! Lakini nilirekodi 4K, na video itatoka 1080.

MamaMhariri: Basi umepona. Unaweza kuikuza picha hadi mara mbili bila ukungu, kwa hiyo ikuze mpaka maandishi yatoke chini ya fremu. Mkuze na mzee, nyuso zilingane.

Kichwa kinachotikisika kikae sekunde 2 au 3, mdomo umefungwa. Kiingie neno moja au mawili kabla ya mkato wa sauti, kitoke baada yake. Vikianza pamoja, mtazamaji anahisi umeficha kitu. Picha ya mzee akipigilia pamba kwenye maungio ya mbao iweke anapotaja kalafati, na mlio wa nyundo ubaki kwa mbali.

Mwanafunzi_Habari: Samahani, kumwonyesha mtu akiitikia maneno ambayo wakati ule hakuwa anayasikia si udanganyifu?

MamaMhariri: Mimi natumia. Wapo wahariri ninaowaheshimu wanaokataa kabisa. Nisichokubali ni swali kurudiwa kwa maneno mengine, maana mzee alilijibu lile la kwanza.

MwanaBagamoyo: Nimesikiliza tena. Kwanza aliuliza "kwa nini uliacha?", akarudia "kwa nini ulilazimika kuacha?" La kwanza limo kwenye maiki ya mzee, linasikika kwa mbali.

SikioLaPwani: Tumia hilo la mbali, juu yake weka picha ya mzee akisikiliza. Maswali mengine yaliyorudiwa, upepo ulikuwa ule ule? Kama haukuwa, tafuta sehemu mzee amenyamaza, utandaze ule mvumo chini ya maswali yote.

MwanaBagamoyo: Nyamazo ndefu kuliko zote ni ya sekunde 4, na kuna jogoo.