Miradi 3 ya kozi haijanifungulia mlango: niweke nini mezani?

Kutoka: Kijana wa Minneapolis

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu.

Mwezi wa nne nilimaliza kozi ya wiki 12 ya uchambuzi wa data. Usiku napanga mizigo ghalani, mchana nalala kidogo kisha nakaa na kompyuta. Nina miradi 3: abiria wa Titanic, maua ya Iris, na dashibodi ya mauzo ya duka la mfano. Nimeomba kazi sitini na ushei, nikaitwa mara 2.

Mara ya pili msaili aliangalia ule wa Titanic. Kati ya abiria 891, umri wa watu 177 haupo, nami nilijaza wastani. Akaniuliza kwa nini wastani. Nikamjibu kwamba ndivyo tulivyofundishwa. Hakuniuliza tena kitu cha maana, na siku 3 baadaye ikaja barua ya kunishukuru kwa muda wangu.

Naomba mnisaidie kwa mawili. Mradi wa aina gani humfanya mtu akusikilize? Na hili daftari la kujifunzia tunaloambiwa tuandike kila siku, linaandikwaje, na nani analisoma?

Kutoka: Mzee wa Muscat

Marahaba mwanangu. Vyeti vya nyumbani usivikalie. Huko Marekani shahada hupelekwa kwa WES au shirika jingine la namna hiyo ikalinganishwe na ya kwao, nao hutaka matokeo yatoke chuoni moja kwa moja, si nakala ya mkononi. Anza mapema, vyuo vyetu huchukua muda kujibu.

Kutoka: Dada wa Leeds

Mzee wangu, naona kijana hakuulizia vyeti, anauliza aonyeshe nini. Lakini ushauri huo utamfaa mwingine humu.

Mdogo wangu, mimi nitakwambia wazi: daftari hakuna anayelisoma. Mtu wa ofisi ya ajira ana wasifu mia mbele yake, hatafungua GitHub yako akuone ulijifunza nini Jumanne. Weka mradi mmoja mzuri wenye picha, ukurasa mmoja tu, basi. Mimi nilichambua michango ya chama chetu cha akina mama hapa Leeds, nani huchelewa, miezi gani hali huwa ngumu. Mradi huo ndio ulioniingiza ofisi ya halmashauri ninakofanya kazi sasa.

Kutoka: Kaka wa Jersey City

Dada amesema kweli kwa upande mmoja. Wa ofisi ya ajira hasomi. Lakini huyo si wa mwisho kukuona. Ukivuka kwake unakaa na mtu anayeifanya kazi yenyewe kila siku, na huyo anataka kujua jambo moja: namba ikikudanganya, utashtuka? Hapo ndipo daftari lilinisaidia. Naomba nieleze kwa kirefu kidogo.

Niliendesha teksi ya njano New York miaka 4. Nilipoanza kujifunza, nikachukua data za safari ambazo TLC, tume ya teksi ya jiji, huzitoa bure kila mwezi. Faili la Januari 2024 lina safari 2,964,624. Excel huishia mistari 1,048,576, kwa hiyo halifunguki lote humo. Nikatumia DuckDB, programu ya bure ya kuhoji data kwa SQL, inayosoma moja kwa moja mafaili ya Parquet, muundo wanaoutumia TLC, hata kwenye kompyuta ya bei ndogo.

Swali langu lilikuwa jepesi: abiria hutoa bakshishi kiasi gani? Wastani wa safari zote ukaja dola 3 na ushei. Ningeweza kuchora picha nikamaliza. Lakini namba ile haikuniingia akilini, nikaigawa kwa namna ya malipo:

```sql
SELECT payment_type,
       COUNT(*) AS safari,
       ROUND(AVG(tip_amount), 2) AS bakshishi
FROM 'yellow_tripdata_2024-01.parquet'
GROUP BY payment_type
ORDER BY payment_type;
```

Waliolipa kwa kadi, namba 1, ni safari 2,319,046, na bakshishi yao ni dola 4 na ushei. Waliolipa taslimu, namba 2, ni 439,191, na bakshishi yao karibu sifuri. Mtu asiyewahi kushika usukani angeandika kwamba wenye pesa taslimu ni wagumu. Mimi nilizipokea bakshishi hizo kwa mkono wangu, noti za dola 5 zilizokunjwa. Nikarudi kwenye kamusi ya data, yale maelezo ya safu yanayotolewa pamoja na mafaili. Imeandikwa waziwazi: `tip_amount` hujazwa na mashine ya kadi, bakshishi ya taslimu haimo.

Kwa hiyo ile sifuri maana yake ni kwamba hakuna aliyeandika, wala haisemi kwamba abiria hakutoa. Wastani wangu wa kwanza ulikuwa umechanganya safari zilizopimwa na zisizopimwa.

Sasa ona nilivyoandika jioni ile, nanakili kama ilivyo:

*Swali: bakshishi ya kawaida ni kiasi gani? Nilidhani: wastani wa safari zote. Nilichokuta: taslimu zote ni kama 0. Sababu: mashine haizioni. Nilichobadili: nahesabu kadi tu, na kichwa cha picha kinasema "waliolipa kwa kadi". Bado sijui: payment_type 0 ni nini? Safari 140,162, idadi ya abiria imeachwa wazi, kamusi haina 0.*

Mistari 6, na si kila siku. Niliandika siku ambazo jambo fulani lilinibadilisha mawazo. Siku nilizotazama video tu sikuandika kitu, maana "leo nimejifunza JOIN" haimwambii mtu lolote juu yangu.

Kwenye usaili yule bwana alifungua daftari akaenda kwenye "bado sijui" moja kwa moja. Akaniuliza zile laki moja na elfu arubaini nilizifanyaje. Nikamwambia niliziweka kando, nikataja idadi yake chini ya picha, kwa sababu sikuwa na haki ya kuzihesabu kama kadi wala kama taslimu. Tulizungumza dakika 20 juu ya hilo tu. Kazi ile sikuipata, aliyepata alikuwa na miaka 5 ya kazi. Niliipata ya tatu niliyoitwa, kwa daftari lilelile. Kamusi ya mwaka 2025 ikaja kueleza 0 kuwa ni safari za Flex Fare, nami nikaongeza mstari chini ya ule wa zamani bila kuufuta.

Kuhusu Titanic, kosa lako si wastani. Wewe hukuwahi kupanda meli ile, hakuna namba ndani yake inayoweza kukushtua. Tafuta data ya kitu ambacho mwili wako unakijua.

Kutoka: Dada wa Leeds

Kaka nimekuelewa, hilo la kadi na taslimu sikulijua. Ila nilishawahi kuzipakua data hizo. Mle kuna takataka nyingi: nauli za chini ya sifuri, hata safari ya 2002 ndani ya faili la Januari 2024. Mimi nilifuta zote zilizo chini ya sifuri nikaendelea. Kusafisha ndiko nusu ya kazi.

Kutoka: Kaka wa Jersey City

Ya 2002 ni saa ya mashine iliyokosewa, hiyo iondoe bila wasiwasi. Hasi ni jambo jingine. Dereva akikosea malipo na kuyafuta, mara nyingi unakuta mistari 2: nauli ya dola 12 na nyingine ya hasi 12, saa ileile, mtaa uleule. Ukifuta hasi peke yake, ile chanya iliyobatilishwa inabaki na kuhesabiwa kama safari halali. Panga kwa saa ya kuanza na `PULocationID`, namba ya eneo alikopandia abiria, utaziona zimekaa pamoja. Zisizo na pacha sijapata njia ninayoiamini. Mwenzangu ofisini huziacha ndani ili jumla ya mapato iwe sawa, mimi huzitoa ninapotafuta nauli ya kawaida, na hatujakubaliana.

Na samahani dada, kuhusu chama. Majina ya akina mama wanaochelewa kuchangia yako wapi sasa?

Kutoka: Dada wa Leeds

Niliyabadilisha yakawa M1, M2 hadi M14. Lakini tuko 14, na kila mtu anajua nani alifiwa mwezi gani. Mama mmoja aliiona picha ile akajitambua, na hakufurahi. Niliiondoa, nikamwomba radhi. Kijana, hilo usilirudie. Kikundi kidogo hakifichiki kwa kubadili majina.

Kutoka: Mzee wa Muscat

Nilisoma haraka, samahani mwanangu. Swali moja kwenu: kijana aliandike daftari kwa lugha gani? Mimi nikifikiri kwa Kiingereza nafikiri nusu.

Kutoka: Kaka wa Jersey City

Langu ni la Kiswahili, mzee. README, ule ukurasa wa utangulizi wa mradi, ndiyo niliyoiandika kwa Kiingereza, pamoja na tafsiri ya siku 4 nilizotaka msaili azione.

Kutoka: Dada wa Leeds

Mimi ningeandika lote kwa Kiingereza tangu mwanzo. Msaili akifungua siku ya tano je?

Kutoka: Kijana wa Minneapolis

Nimewasoma wote, asanteni sana. Nimekaa nayo wiki moja.

Kitu ninachokijua kwa mwili ni basi la mwisho la kurudi nyumbani. Nimepakua ratiba ya Metro Transit, shirika la mabasi la hapa, ile ya GTFS, muundo wa mafaili ya ratiba za usafiri, nikafungua `stop_times.txt` nijue ni vituo vingapi vina basi baada ya saa 6 usiku. DuckDB ikakataa katikati ya faili: haiwezi kuigeuza 24:05:00 kuwa saa. Nilidhani faili limeharibika, karibu nizifute safari hizo. Hii hapa ya jioni ile:

*Swali: nani anapata basi baada ya saa 6 usiku? Nilidhani: saa zinazozidi 24 ni makosa. Nilichokuta: ndizo safari zenyewe ninazozitafuta. Sababu: GTFS huhesabu siku ya huduma, basi la 25:07:00 ya Ijumaa ndilo la saa 7 na dakika 7, usiku wa kuamkia Jumamosi. Nilichobadili: nasoma safu zote kama maandishi.*

```sql
SELECT COUNT(DISTINCT stop_id)
FROM read_csv('stop_times.txt', all_varchar=true)
WHERE arrival_time >= '24:00:00';
```

*Bado sijui: hii ni ratiba tu. Basi lenyewe lilifika au halikufika, data hii haisemi.*

Kutoka: Kaka wa Jersey City

Hapo sasa. Angalia jambo moja kabla hujaiamini hesabu hiyo: unalinganisha maandishi, si saa. GTFS inaruhusu asubuhi kuandikwa 5:07:00 bila sifuri mbele, na kwa maandishi "5" ni kubwa kuliko "24". Kama faili lako lina saa za namna hiyo, mabasi ya alfajiri yameingia kwenye usiku wako.

Kutoka: Kijana wa Minneapolis

Naenda kazini sasa hivi. Nitaikagua nikirudi, na nitaiandika vyovyote itakavyokuwa.