Naomba ushauri: kazi zinapotea nikivuta kurasa nyingi kwa API

Habari zenu wakuu. Navuta kazi kama 12,000 kutoka mfumo wa kufuatilia kazi, 100 kila ukurasa kwa `offset`, zimepangwa kwa `updated_at`, mpya kwanza. Karibu na ukurasa wa 60 napigwa `429`. Nasubiri sekunde za `Retry-After`, naendelea, lakini mwishoni nyingine zimejirudia na nyingine hazipo. Marudio nimeyafuta kwa `id`. Zilizokosekana ndizo zinaniumiza kichwa. Nahisi mtu akihariri kazi nikiwa nasubiri, inaruka juu, nami nimeshapita huko.

Je, nikipanga kwa `id` na kuomba zinazofuata `id` ya mwisho, itatosha? Na zilizohaririwa nikishapita nizikamate vipi bila kuanza upya?