Naomba ushauri: nikifuatisha Kijerumani kwa sauti nabaki nyuma

Habari za leo wakuu. Najifunza Kijerumani, niko ngazi ya A2. Kila siku saa 12 asubuhi kengele ya simu inalia, nafungua taarifa ya habari ya DW inayosomwa polepole, nachukua kipande cha sekunde 30. Nasikiliza mara mbili bila maandishi, mara moja na maandishi, kisha nasema pamoja na msomaji mara tano na kujirekodi. Kwenye daftari naandika mstari mmoja tu: tarehe, sekunde, nilipokwama.

Polepole naenda naye vizuri. Nikiweka toleo la kasi ya kawaida, naachwa. Juzi nimepitia mistari ya wiki tatu, karibu yote imekwama penye konsonanti zilizofuatana. Kwenye rekodi "Deutschland" inasikika "Doichilandi": naongeza irabu kati ya konsonanti na mwishoni, silabi mbili zimekuwa nne, ndiyo maana nachelewa!

Je, nibaki kwenye polepole hadi irabu hizo za ziada ziishe, au nikate kasi ya kawaida vipande vya maneno matatu manne? Aliyepitia hili anisaidie, tafadhali. Mtihani wa B1 naulenga mwakani.